Risiti moja, madai mawili: uchambuzi wa kisa cha madai ya safari

Taasisi ya kisa hiki ina wafanyakazi wapatao 300. Wengi wao husafiri kikazi, hulipa gharama kwa fedha zao, kisha hujaza dai ili warejeshewe. Kwa mwezi huingia mistari ya madai 1,200 hivi, na anayeipitia ni mhakiki mmoja wa idara ya fedha. Malipo hufanyika kila Alhamisi. Kwa hiyo Jumatatu hadi Jumatano mhakiki hufungua dai, hutazama picha ya risiti, hulinganisha kiasi, hupitisha, na kuendelea na linalofuata.

Kwa utaratibu huo huweza kulijua dai bovu linalojitangaza lenyewe: risiti isiyosomeka, au kiasi kinachozidi kiwango cha mwongozo. Asichoweza kukiona ni dai lililo zuri likiwa peke yake lakini baya likiwekwa kando ya lingine lililopita wiki nyingi nyuma. Hakuna binadamu anayekumbuka risiti 1,200 za mwezi uliopita. Ndiyo sababu taasisi iliandika ukaguzi unaojiendesha kwa ratiba kila alfajiri, kabla mhakiki hajafika kazini, na kumwachia orodha fupi ya madai yanayofaa kutazamwa mara ya pili. Nitaeleza alama mbili zilizotoka kwenye orodha hiyo, kwa sababu kila moja ilikuwa na jibu ambalo kompyuta peke yake isingeweza kulitoa.

Alama ya kwanza ilihusu risiti ya kukodi gari, kiasi 18,640. Mfanyakazi wa kwanza aliidai mara tu alipotoka safari: tarehe ya risiti 9, namba ya risiti `INV-00482`. Dai likapitishwa, akalipwa. Wiki saba baadaye likaingia dai la mfanyakazi mwingine wa idara nyingine: kiasi 18,640, tarehe 11 ya mwezi uleule wa safari, namba ya risiti `482`.

Taasisi ilikuwa na ukaguzi wa marudio hata kabla ya hapo. Mfumo wa madai ulikataa dai lolote ambalo mdai, tarehe, kiasi na namba ya risiti vyote vinne vimelingana na dai jingine la mwezi huohuo. Ukaguzi wa namna hiyo humzuia mtu aliyebonyeza kitufe cha kutuma mara mbili, na zaidi ya hapo haufanyi mengi. Katika kisa hiki mdai ni mwingine, tarehe imepishana siku mbili, namba imeandikwa kwa mtindo mwingine, na mwezi wa kudai si ule. Kilichobaki sawasawa ni kiasi tu. Madai mawili yakabaki kuwa mageni kwa kila mmoja.

Ukaguzi mpya ulilegeza masharti pale yanapostahili kulegezwa. Mdai hatazamwi kabisa, kwa sababu risiti moja kudaiwa na watu wawili ndiko kurudia kunakotokea zaidi watu wanaposafiri pamoja. Tarehe inaruhusiwa kupishana hadi siku tatu, maana mmoja huandika tarehe iliyo kwenye risiti na mwingine huandika siku fedha zilipotoka kwenye kadi au simu. Namba ya risiti husafishwa kwanza: herufi, vistari na nafasi huondolewa, sifuri za mbele hufutwa, zinabaki tarakimu. Na dai hulinganishwa na madai yote yaliyowahi kuingia, yakiwamo yaliyokwisha kulipwa. Hili la mwisho ndilo lililookoa fedha hapa, kwa sababu ukaguzi unaotazama mwezi mmoja tu haujui kwamba kuna dai la wiki saba nyuma.

Kiini cha swali ambalo ukaguzi huiuliza hifadhidata, hapa PostgreSQL, ni hiki:

```sql
INSERT INTO alama (dai_a, dai_b, kiasi, sababu)
SELECT a.id, b.id, b.kiasi, 'risiti_inafanana'
FROM madai a
JOIN madai b
  ON a.id < b.id
 AND a.kiasi = b.kiasi
 AND abs(a.tarehe_risiti - b.tarehe_risiti) <= 3
 AND safisha(a.namba_risiti) = safisha(b.namba_risiti)
WHERE greatest(a.ilibadilishwa, b.ilibadilishwa)
      >= now() - interval '5 days'
ON CONFLICT (dai_a, dai_b, kiasi, sababu) DO NOTHING;
```

Sharti la `a.id < b.id` linazuia dai kulinganishwa na lenyewe, na linazuia jozi moja kutokea mara mbili kwa mpangilio wa kinyume. Muda wa siku tano unatosha kuvuka mwisho wa juma, na ukaguzi ukikwama siku moja, wa kesho yake huokota yaliyosalia. Mstari wa mwisho unahakikisha jozi ambayo mhakiki amekwisha kuitolea uamuzi hairudi kwenye orodha asubuhi inayofuata. Kiasi kimewekwa ndani ya ufunguo huo kwa makusudi: madai yote mawili ya jozi yakihaririwa baada ya kuhakikiwa, na kiasi kipya nacho kikafanana, alama mpya itazaliwa.

Kazi ya kusafisha namba ina mtego unaostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu unaweza kuua orodha nzima.

```sql
nullif(ltrim(regexp_replace(namba, '\D', '', 'g'), '0'), '')
```

Watu wengi hawana namba ya kuandika. Huacha wazi, huweka kistari, au huandika "haipo". Zote hizo zikisafishwa zinabaki maandishi matupu, na tupu ni sawa na tupu. Bila ile `nullif` ya nje, nauli mbili za kiasi kimoja ndani ya siku tatu, zilizolipwa na watu wasiojuana, zitaonekana kuwa risiti moja. Orodha hufurika asubuhi ya kwanza. Ukiigeuza tupu kuwa `NULL`, mambo hugeuka upande wa pili: `NULL` hailingani na kitu chochote, hata `NULL` nyingine, kwa hiyo madai yasiyo na namba hutoka kimya kwenye ukaguzi huu. Lazima yawekewe njia yao, yenye masharti mengine: kiasi kilekile, siku zilezile, na muuzaji yuleyule, huku kiasi kikiwa juu ya kiwango ambacho risiti inatakiwa. Njia hiyo ni dhaifu, na katika orodha ya mhakiki alama zake huwekwa chini, mbali na zile zenye namba.

Turudi kwenye gari. Orodha haikusema "udanganyifu". Ilisema: "Dai hili linafanana na dai lililolipwa: kiasi kilekile, namba 482, tarehe zinapishana siku 2", na chini yake zikawekwa picha mbili za risiti, bega kwa bega. Ninalishikilia sana jambo hili la picha mbili pamoja. Mhakiki aliyeonyeshwa namba ya dai tu atalazimika kufungua kurasa mbili, kutafuta, kukumbuka, na akiwa na madai 80 mbele yake hatafanya hivyo. Akiziona pamoja, sekunde chache zinamtosha. Ilikuwa karatasi ileile, yenye kunjo lilelile kwenye pembe, ila moja ilipigwa picha juu ya meza na nyingine ilitumwa kwa simu ikapoteza ung'avu.

Mhakiki alimpigia simu mdai wa pili. "Kaka, habari za kazi. Naomba unisaidie kuielewa risiti ya gari ya safari ile ya warsha. Gari mlipanda wangapi?"

Walipanda watatu. Mmoja alilipa gari zima, wenzake wakamchangia taslimu, na kila aliyechanga alitumiwa picha ya risiti kama ushahidi. Waliporudi, karani wa idara alimjazia mdai wa pili fomu, akasoma kiasi kilichoandikwa kwenye risiti, na kwa tarehe akaweka siku ambayo picha ilitumwa. Mdai mwenyewe alisaini bila kutazama kiasi. Aliyelipwa kwanza naye alikuwa amedai risiti yote, huku theluthi mbili yake ikiwa imetoka mifukoni mwa wenzake, na hakuona tatizo kwa sababu alikusudia kuwarudishia akilipwa.

Hapo hapakuwa na mwizi. Palikuwa na fedha 18,640 zilizokuwa njiani kutoka kwa mara ya pili Alhamisi ile, na mchangiaji wa tatu ambaye dai lake lilikuwa bado halijaingia. Dai la pili likarudishwa kwa maelezo, wa tatu akaarifiwa asidai, na aliyelipwa akaombwa awarejeshee wenzake. Fomu ya madai ikaongezwa swali moja: gharama hii mmechangia na nani? Swali hilo ni la kawaida kabisa, lakini sasa mhakiki anapoona alama ya gari au chumba, jibu la kwanza liko ndani ya dai lenyewe.

Alama ya pili ilikuwa ya namna nyingine: tarakimu zilizonyooka kupita kiasi. Wazo lake ni rahisi. Gharama halisi, hasa yenye kodi ndani yake, huishia popote: 1,374, 862, 2,915. Kiasi kinachotungwa au kukisiwa huelekea kuishia sifuri mbili. Kwa hiyo sharti la kwanza analofikiria kila mtu ni `kiasi % 100 = 0`.

Sharti hilo likiachwa hivyo halifai kitu. Liliporushwa kwenye madai ya mwezi mmoja lilitia alama mistari zaidi ya 400, theluthi nzima, na karibu yote ilikuwa halali. Posho ya kujikimu hulipwa kwa kiwango kilichopangwa, kwa hiyo itanyooka daima. Mafuta ya gari hununuliwa kwa kutaja fedha badala ya lita, na mtu hutaja kiasi kilichonyooka. Muda wa maongezi wa simu huuzwa kwa vipande vilivyopangwa. Nauli ya gari la kukodi hupatanwa kwa mdomo. Katika makundi hayo tarakimu isiyonyooka ndiyo ya kushangaza. Mhakiki akipewa orodha ya mistari 400 ataitazama siku mbili, ataona hakuna kitu, na hatairudia tena hata siku itakapokuwa na kitu. Huo ndio uharibifu mkubwa wa sharti ovyo: linamfundisha mhakiki kuipuuza orodha.

Kilichofanyika ni kuhesabu kwanza desturi ya kila kundi la gharama kwa miezi 12 iliyopita. Posho ikaondolewa kabisa. Mafuta na nauli zikaonekana kunyooka katika zaidi ya nusu ya madai, nazo zikaachwa. Chakula kilinyooka kwa asilimia 9 tu, malazi chini ya hapo. Ukaguzi sasa hauulizi kama dai limenyooka. Unauliza kama mtu huyu, katika kundi hili, ananyooka mara nyingi kuliko desturi ya kundi.

Hapa idadi ndogo hudanganya, na lazima ukaguzi uheshimu hilo. Mwenye madai matatu ya chakula, mawili yakiwa yamenyooka, hajaonyesha lolote. Sharti likawekwa kwamba mtu asitazamwe mpaka afikishe madai 10 ya kundi moja katika robo mwaka. Na hata akifikisha, bahati peke yake hufanya kazi yake. Mwenye madai 16 katika kundi la asilimia 9 anategemewa kunyooka mara moja au mbili. Uwezekano wa kufikisha mara 5 au zaidi kwa bahati tu ni karibu asilimia 1. Inaonekana ndogo, lakini ukiwatazama watu 300 wenye madai kama hayo, watatu hivi wataangukia humo bila kosa lolote, kila robo mwaka. Kikomo kikiwekwa 5, mhakiki atakuwa anawasumbua watu watatu wasio na hatia kwa ratiba. Kikawekwa juu zaidi, na hata hivyo alama ikabaki kuwa swali.

Kuna waliopendekeza kanuni ya Benford, ile iliyopewa jina la Frank Benford kwa makala yake ya 1938, inayosema kwamba katika mikusanyo mingi ya namba zinazotokana na mambo halisi, tarakimu ya kwanza huwa 1 kwa asilimia 30 hivi ya mara zote. Ni zana nzuri kwa daftari zima la malipo, lenye maelfu ya viwango vya kila ukubwa. Kwa madai ya chakula, ambayo yamefungwa kati ya kiwango cha chini na cha juu cha mwongozo, tarakimu za mwanzo hazina nafasi ya kutawanyika. Na kwa mtu mmoja mwenye madai 16, hakuna cha kupima. Iliachwa, na nadhani kwa haki.

Aliyetokea kwenye orodha alikuwa na madai 16 ya chakula, 13 yakiwa yameishia sifuri mbili. Bahati haifiki huko. Ukaguzi uliongeza maelezo mawili ambayo mhakiki aliyategemea sana. La kwanza, kwamba mwongozo unadai risiti kuanzia 2,000 na kwamba madai yote 13 yalikuwa chini ya hapo, saba kati yake yakiwa 1,800 au 1,900. La pili, jina la muuzaji kwenye kila dai. Hili la muuzaji lina sababu: mtu anayekula kila siku mahali ambapo bei zote za menyu zimenyooka atanyooka naye, na madai yake hayajitegemei hata kidogo. Hesabu yangu ya asilimia 1 hapo juu inadhani kila dai ni tukio jipya. Kama yote yametoka kwa muuzaji mmoja, hesabu hiyo imevunjika na alama inapaswa kushuka daraja. Kwa mtu huyu wauzaji walikuwa tofauti, au hawakuandikwa kabisa.

Mhakiki hakuanza na mdai. Alianza na ushahidi uliokuwa tayari ndani ya taasisi: ratiba na orodha za mahudhurio za mikutano ambayo mdai alihudhuria. Siku nne kati ya zile 13, chakula cha mchana kilikuwa kimelipwa na mwandaaji na kiliandikwa kwenye ratiba. Mwongozo hauruhusu kudai mlo uliokwisha kulipiwa. Ndipo akampigia simu, akiwa na siku nne mkononi badala ya shutuma ya tarakimu.

Maelezo ya mdai yalikuwa kwamba hujaza fomu mwishoni mwa mwezi, kwa kukumbuka, na kwamba huweka kiasi kinachokaribia alichotumia, akikaa chini ya 2,000 kwa sababu hana risiti. Kwa siku nne za mikutano alikubali kwamba hakukumbuka. Taasisi ilikata milo hiyo minne, ikaiacha mingine tisa, kwa kuwa kukisia si uthibitisho wa uongo na mwongozo wenyewe ndio uliomruhusu asilete risiti. Wapo waliotaka hatua kali zaidi. Naona mhakiki alikuwa sahihi: tarakimu iliyonyooka ilimwonyesha pa kutazama, na kilichotoa uamuzi ni ratiba ya mkutano.

Sasa ratiba ya ukaguzi wenyewe. Unaendeshwa na `cron` kwa mstari huu:

```
30 5 * * 1-5  /opt/madai/kagua.sh
```

Yaani saa 11:30 alfajiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Seva nyingi huhesabu saa kwa UTC, kwa hiyo kabla ya kuamini mstari huo endesha `date` kwenye seva uone inasema nini. Ukaguzi unaofika baada ya mhakiki kupitisha madai ni taarifa ya hasara. Alama za marudio hutafutwa kila siku. Hesabu ya kunyooka hufanywa mara moja kwa mwezi, kwani haina faida kwa data ya siku moja.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba orodha tupu ina maana mbili. Huenda hakuna cha kutazama, au huenda skripti imekufa wiki iliyopita. Kwa hiyo ujumbe hutumwa kila asubuhi hata kama hakuna alama, ukitaja kazi iliyofanyika: "Mistari 58 imekaguliwa, alama 0." Siku ya kazi ikisema mistari 0, hiyo yenyewe ni alama, na aghalabu chanzo ni madai yaliyoshindwa kuingizwa kutoka kwenye mfumo wa kadi.

Kila alama hufungwa kwa sababu iliyochaguliwa: gharama ya kuchangia, safari mbili halali, kosa la kujaza, imekataliwa. Kinachofungwa ni jozi ya madai, kamwe si mtu. Hakuna orodha ya wafanyakazi wa kuaminika wasiokaguliwa, na hakuna orodha ya wanaoshukiwa. Na alama huonekana kwa mhakiki peke yake mpaka aifanyie uamuzi, kwa sababu meneja akiona jina la mtu kando ya neno "marudio" asubuhi, jioni maelezo ya gari la kuchangia hayatalifuta.

Ukaguzi huu hauoni kila kitu. Risiti ikigawanywa, sehemu moja ikadaiwa mwezi huu na nyingine mwezi ujao, viwango havilingani na jozi haitokei. Hiyo inahitaji kujumlisha madai yote ya namba moja na kulinganisha na kiasi cha risiti. Kulinganisha `SHA-256`, yaani namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili la picha, hukamata faili lilelile tu. Picha ikipigwa upya, au ikipunguzwa ukubwa na programu ya ujumbe kama ilivyokuwa kwa risiti ya gari, namba hiyo hubadilika kabisa. Na risiti iliyotungwa yenye namba yake, tarehe yake na kiasi kisichonyooka, 1,374 kwa mfano, itapita kwenye ukaguzi wote niliouelezea bila kuguswa. Hiyo bado iko mikononi mwa mhakiki, na saa alizookoa kwenye madai mengine ndizo anazoweza kuzitumia kumpigia simu muuzaji.